Kuondoa mabaka bila kufuta vitundu vya ngozi

"Nikitenganisha picha kwenye Photoshop iwe leya mbili, rangi chini na vitundu juu, mabaka yanaondoka lakini na vitundu vinaondoka. Nakosea wapi?"

Ni kipimo cha Gaussian Blur ulichoanza nacho kwenye leya ya chini. Kikiwa kidogo mno, vitundu vinabaki leya ya chini, na ukiilainisha unavifuta navyo. Kikizidi, mabaka yanahamia juu. Ongeza polepole, simama pale tu vitundu vinapopotea. Juzi uso wa bibi harusi ulijaza fremu ya megapikseli 24, nikasimama pikseli 8. Angekuwa amesimama mbali, ningeweka 3 hivi.

Leya ya juu, kwa picha ya biti 8: Apply Image, chagua leya ya chini, Subtract, Scale 2, Offset 128, kisha blend mode yake iwe Linear Light. Picha lazima irudi kama ilivyokuwa. Ikibadilika, kuna ulichokosea.

Sasa fanya kazi chini tu: zungushia baka kwa Lasso, Feather 20, weka Gaussian Blur hapo. Usivuke kivuli cha pua, kitasambaa shavuni.

Kuna anayeshauri kupunguza Opacity ya leya ya juu: ngozi inalainika kweli, ila ni vitundu hivyohivyo unavififisha.