Mteja anasema mzigo hajauona, posta inasema umefika

Nauza kanga na vikoi kupitia eBay kutoka nyumbani kwangu Columbus, Ohio. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu waliotawanyika majimbo mbalimbali ya Marekani, na ujumbe ninaouogopa kuliko yote ni huu: "Dada, mzigo wangu sijauona, naomba hela yangu." Nafungua ukurasa wa kufuatilia, nakuta posta imeandika umefika tangu juzi. Hapo muuzaji mdogo huwa na haraka ya kufanya moja kati ya mawili: kurudisha hela ili yaishe, au kumwambia mteja ni mwongo. Yote mawili nimeshayafanya, na yote mawili yaliniumiza.

Niwaeleze kisa cha dada mmoja wa Houston, kwa sababu ndicho kilichonifundisha utaratibu ninaoufuata mpaka leo. Alinunua doti mbili za kanga na kikoi kimoja, jumla dola 68. Jumanne mchana posta ikaonyesha umefika. Alhamisi asubuhi akaniandikia kwamba hajaona kitu.

Kabla ya kumjibu nilianza na upande wangu. Nilifungua oda yake nikalinganisha anwani iliyoko eBay na ile iliyochapishwa kwenye stika niliyobandika, neno kwa neno, mpaka namba ya chumba. Hatua hii msiiruke. Kuna mwaka nilikuwa naandika anwani kwa mkono, nikasahau namba ya chumba cha mteja kwenye jengo lenye nyumba nyingi. Mzigo ukapotelea hapo, na hela nilirudisha bila ubishi kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nachapisha stika moja kwa moja kutoka kwenye oda.

Kisha nikasoma maneno ya posta mpaka mwisho. Wengi wetu tunaishia kwenye `Delivered` na kufunga ukurasa, wakati habari yenyewe iko kwenye maneno yanayofuata. `In/At Mailbox` maana yake sanduku la barua. `Front Door/Porch` ni mlangoni au kibarazani. `Left with Individual` ni kwamba kuna mtu aliupokea mkononi. Wa dada huyu uliandikwa `Delivered, Parcel Locker`, yaani umewekwa kwenye kabati la vifurushi.

Majengo mengi ya kupanga yana makabati hayo karibu na masanduku ya barua. Mzigo usipoingia kwenye sanduku lako, mtu wa posta anaufungia kabatini na kukuachia ufunguo ndani ya sanduku lako. Ufunguo una namba ya kabati. Ukishafungua unabaki palepale kwenye kitasa. Mtu aliyehamia karibuni, au asiyefungua sanduku lake wiki nzima, anaweza kuishi hatua ishirini kutoka kwenye mzigo wake na asijue.

Nikamwandikia hivi: "Pole sana dada. Nimeangalia, posta wanasema mzigo uliwekwa Jumanne kwenye kabati la vifurushi la jengo lenu. Naomba unisaidie mambo mawili: angalia kwenye sanduku lako la barua kama kuna ufunguo wenye namba, na uliza wanaoishi nawe kama kuna aliyechukua barua wiki hii. Tusipouona, nitakueleza cha kufanya posta, na sitakuacha peke yako." Sikumwahidi hela, wala sikumtilia shaka. Na niliandika ndani ya eBay, si WhatsApp, ingawa namba yake ninayo. Kesi ikifika mbele, wao wanasoma yaliyoandikwa kwao tu.

Akajibu sanduku ni tupu. Ijumaa akafungua kesi rasmi ya kutopokea mzigo. Nilisikia uchungu, lakini ni haki yake. Muuzaji ana siku 3 za kazi kujibu kesi kama hiyo, na anayenyamaza anaweza kushindwa hata kama ushahidi anao. Nilijibu siku hiyohiyo, nikaweka namba ya kufuatilia na tarehe ya kufika.

Halafu nikamwelekeza kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mashine anayotumia mtu wa posta kupiga skani hurekodi mahali aliposimama wakati huo. Wewe na mimi hatuoni hilo mtandaoni, ila wafanyakazi wa ofisi inayogawa barua mtaani kwa mteja wanaweza kuliangalia kwenye mfumo wao. Aende mteja mwenyewe, kwenye ofisi inayohudumia anwani yake, akiwa na kitambulisho na namba ya kufuatilia, aulize skani ilipigwa wapi. Ofisi ya huku kwangu haiwezi kumtafutia mtu wa posta wa Houston.

Jumamosi akaenda. Wakamwambia skani ilipigwa kwenye jengo lake, pale pale penye makabati. Akarudi nyumbani akamuuliza tena mwenzake wanayeishi wote, na safari hii akamtajia ufunguo. Yule mwenzake alikuwa amechukua barua Jumanne jioni, ufunguo ukiwa katikati ya karatasi za matangazo, akaziweka zote juu ya friji. Saa moja baadaye nikatumiwa picha ya kanga zangu, na kesi akaifunga mwenyewe.

Majibu ya posta yangekuwa tofauti, nami ningefanya tofauti. Skani ikionekana imepigwa mtaa mwingine, mteja anasema kweli, na ofisi ile inaweza kumtuma mgawaji akaufuate mzigo. Usipopatikana, narudisha hela hata kama eBay ingenipa ushindi kwa sababu karatasi zinasema umefika. Huo ni uamuzi wangu. Dola 68 zinaniuma, lakini siwezi kumwachia mtu hasara ambayo najua si yake. Skani ikiwa imepigwa kwake, na mteja hataki kwenda posta, hajibu maswali, anachorudia ni hela tu, hapo naacha kesi iamuliwe kwa ushahidi. Msiitegemee sana ile bima ya dola 100 inayokuja na huduma za kawaida za posta. Ni ya mzigo uliopotea au kuharibika njiani, na ukishaandikwa umefika, dai lako huwa gumu.

Kuna mtego mmoja unaovunja kinga yote hii. Mteja amelipa, halafu anakuandikia, "Dada, nitumie kwa shangazi yangu, anwani hii hapa." Ukituma huko, ushahidi wako hauna kazi tena, maana eBay inaangalia kama mzigo umefika kwenye anwani iliyoko kwenye oda. Mimi nafuta oda kwa upole na kumwomba anunue upya akiwa ameweka anwani sahihi.

Kwa oda ya dola 750 kwenda juu, eBay inadai saini ya mpokeaji ili muuzaji alindwe. Mimi naanza kuiweka kwenye dola 150, hasa mzigo ukienda kwenye jengo lenye wapangaji wengi. Inaongeza dola chache, na mteja namwarifu mapema, kwa sababu asipokuwepo nyumbani mzigo unarudi posta kumsubiri, na asipoufuata unarudi kwangu.

Yule dada wa Houston ameshanunua mara tatu tangu hapo. Kila ninapomtumia namba ya kufuatilia namwandikia na mstari mmoja chini yake: angalia ufunguo.