Rula, penseli na sarafu: maswali yenu kuhusu wenzo

Nimeweka penseli chini ya alama ya 15, katikati kabisa ya rula, lakini rula inalala upande mmoja kila mara. Nakosea wapi?

Huenda hukosei popote. Alama ya 15 ni katikati ya namba, na katikati ya uzito ni jambo jingine. Rula nyingi zina tundu la kutungikia kwenye ncha moja, na nyingine zimeongezwa kipande cha plastiki kabla ya sifuri ambacho hakilingani na kile kilicho baada ya 30. Sogeza rula kidogo kidogo mpaka itulie, kisha iandike alama hiyo pembeni kwa penseli. Hicho ndicho kitovu cha uzito cha rula yako, na ndiko utakakopimia kila kitu. Mimi hapa nitaendelea kusema 15, kwa sababu rula yangu haina tundu.

Tazama pia penseli yenyewe. Ya mviringo hubiringika kabla hujaondoa mkono. Ukiwa nayo hiyo, ibane kwa sarafu mbili zilizolala mezani, moja kila ubavu. Bora zaidi ni ya pembe sita, kwa kuwa hulala kwa ubapa mmoja na kukuachia ubapa mwingine juu. Lakini ubapa huo nao una deni lake. Una upana wa milimita nne hivi, na rula itatulia mradi kitovu cha uzito kiangukie popote ndani ya milimita hizo nne. Kwa hiyo rula kutulia hakumaanishi kwamba umepata katikati. Isogeze kulia mpaka ianze kulala, soma alama. Irudishe kushoto mpaka ilale upande wa pili, soma tena. Egemeo halisi liko katikati ya alama hizo mbili. Wengi wanaoniambia kwamba "jaribio limekataa" wameiruka hatua hii.

Kitabu kinasema sarafu mbili zilizo sentimita 5 kutoka kwenye egemeo zinasawazisha sarafu moja iliyo sentimita 10. Nimejaribu, ni kweli. Lakini kwa nini tunazidisha uzito kwa umbali? Kwa nini tusijumlishe?

Swali hili nimelisubiri kwa muda mrefu. Jibu la haraka, "ndiyo kanuni ya momenti", si jibu, ni jina tu.

Rudi kwenye rula yako. Penseli iko 15. Kushoto kuna sarafu mbili zilizobebana kwenye alama ya 10, kulia kuna moja kwenye alama ya 25. Rula imetulia. Sasa zitenganishe zile mbili za kushoto kwa mwendo sawa: moja ielekee nje sentimita 5 mpaka alama ya 5, nyingine ielekee ndani sentimita 5 mpaka alama ya 15, yaani juu ya penseli kabisa. Zihamishe kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili, halafu achia. Rula bado imetulia. Na kwa nini isitulie? Jozi ya sarafu zinazolingana, zikitengana sawasawa huku na huku, kitovu chake hubaki palepale.

Tazama ulichobaki nacho. Sarafu iliyo juu ya penseli haivuti upande wowote, unaweza kuiondoa. Zimebaki mbili: moja sentimita 10 kushoto, moja sentimita 10 kulia. Hapo hata mtoto mdogo atakwambia zitalingana, kwa kuwa hakuna sababu ya upande mmoja kuushinda mwingine. Kumbe sarafu mbili kwa sentimita 5 na sarafu moja kwa sentimita 10 ni kitu kilekile kilichopangwa kwa namna mbili. Kujumlisha hakuwezi kutoa jambo hilo: 2 na 5 ni 7, 1 na 10 ni 11.

Hoja ya namna hii ni ya kale, aliitumia Arkimedi wa Sirakusa katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mwaka 1883 mwanafizikia Ernst Mach aliilaumu, akisema kwamba anayekubali jozi itengane bila kuvuruga usawa tayari ameikubali kanuni nzima kimyakimya. Ana hoja. Lakini kwako wewe mwenye rula mkononi, huko kutengana si jambo la kuamini tu, umekuona kwa macho.

Nimeweka sarafu mbili kwenye alama ya 3 na moja kwenye alama ya 27. Kati yao kuna sentimita 24, nikagawa kwa uwiano wa 1 kwa 2, nikaweka penseli kwenye alama ya 11. Mbili kwa 8 ni 16, moja kwa 16 ni 16. Rula ikaanguka upande wa sarafu moja! Kanuni imekosea?

Hesabu yako ni safi, ila umemsahau mzigo wa nne: rula yenyewe. Penseli ilipokuwa 15, uzito wa rula ulikuwa juu ya egemeo na haukuwa na usemi. Ulipoihamishia 11, kitovu cha rula kikabaki sentimita 4 upande wa kulia, na uzito wake wote ukaungana na ile sarafu moja.

Basi tuipime rula kwa sarafu. Ondoa zote, acha moja tu kwenye alama ya 3. Hakikisha ni katikati ya sarafu inayokaa juu ya 3. Kama sarafu ina kipenyo cha milimita 24, kingo zake zitakuwa 1.8 na 4.2. Sogeza penseli mpaka rula itulie. Mimi nilipata alama ya 12. Sarafu iko sentimita 9 kutoka kwenye egemeo, kitovu cha rula kiko sentimita 3 upande wa pili. Moja kwa 9 ni 9, kwa hiyo uzito wa rula ukizidishwa kwa 3 lazima uwe 9. Rula yangu ina uzito wa sarafu 3. Kama sarafu ina gramu 6, rula ina gramu 18, na hukuhitaji mizani.

Tukirudi kwako, tukichukulia rula yako ni kama yangu: penseli ikiwa 11, kushoto kuna 2 × 8 = 16, kulia kuna 1 × 16 na juu yake 3 × 4, jumla 28. Ndiyo maana ilianguka, tena kwa kishindo. Ipeleke penseli kwenye 13. Kushoto 2 × 10 = 20. Kulia 1 × 14 = 14, ongeza rula 3 × 2 = 6, jumla 20. Itatulia.

Ila usiamini sana ile 3 yangu. Ule ubapa wa penseli unaweza kukudanganya milimita mbili huku au huku. Ukisoma 11.8 badala ya 12 utapata rula ya sarafu 2.75, ukisoma 12.2 utapata karibu 3.3. Ndiyo sababu nilikusumbua na ile hatua ya kusoma mara mbili.

Penseli ikiwa kwenye alama ya 10, na sarafu tano kwenye alama ya 2, nabonyeza ncha ya 30 kwa kidole na zinapanda kirahisi mno. Nguvu hiyo ya ziada inatoka wapi?

Sehemu yake inatoka kwa rula, kama ulivyosoma hapo juu. Sarafu tano ziko sentimita 8 kutoka kwenye egemeo, hiyo ni 40. Rula inakusaidia kwa 3 × 5, yaani 15. Kidole chako kinadaiwa 25 zilizobaki, na kwa kuwa kiko umbali wa sentimita 20, kinabonyeza kwa uzito wa sarafu moja na robo tu. Kama rula isingekuwa na uzito, kingebonyeza kwa uzito wa sarafu mbili.

Lakini kani inayoongezeka hulipiwa kwa mwendo, na malipo hayo unaweza kuyahesabu. Kabla ya kubonyeza, ncha fupi ikiwa imegusa meza, simamisha bunda la sarafu chini ya ncha ndefu uone zinaenea ngapi. Penseli ikiwa na unene wa milimita 7, ncha hiyo iko juu milimita 21: zitaenea kama kumi, zikiwa za milimita mbili. Ondoa bunda, bonyeza mpaka mezani, mtu mwingine apime ncha fupi. Ni milimita kumi na kidogo, sarafu tano. Ncha yenye mkono wa sentimita 20 imeshuka mara mbili ya ile yenye mkono wa sentimita 10 ilivyopanda. Kazi haikuongezeka hata chembe.

Wenzo wa daraja la pili na la tatu je, unaonekana kwa vifaa hivi?

Unaonekana. Ncha ya rula ikae juu ya penseli, sarafu katikati, inua ncha ya pili kwa kidole: hilo ni la pili. Kwa la tatu, zuia ncha moja kwa gumba, sarafu ziwe ncha ya mbali, inua kwa kidole karibu na gumba. Utaona kidole kinaumia na sarafu zinapaa juu sana.

Mbali na wenzo, naweza kuonyesha mashine gani nyingine?

Mteremko, na ndio unaofundisha zaidi kuhusu hasara. Inua ncha ya rula juu ya bunda la sarafu lenye kimo cha sentimita 3. Rula ni sentimita 30, kwa hiyo kitabu kitasema unasukuma sarafu kwenda juu kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Weka sarafu juu ya rula, achia. Yaelekea haitateleza, itakaa palepale.

Hapo simama kidogo. Imekaa kwa sababu msuguano unaweza kuishikilia dhidi ya ile sehemu moja ya kumi. Sasa ukiisukuma juu, msuguano unageuka na kukuvuta chini pamoja na uzito. Unalipa mara mbili: sehemu moja ya kumi ya kuinua, na angalau nyingine kiasi hichohicho kwa msuguano. Kwa hiyo mteremko wowote ambao mzigo unakaa wenyewe bila kushikwa una ufanisi usiozidi takriban nusu. Endelea kuongeza sarafu chini ya ncha mpaka ile ya juu ianze kuteleza yenyewe. Mpaka huo wa asilimia 50 ndipo ulipo, na umeupata bila kupima kani yoyote.