Nusu rejesho kila wiki mbili: miaka inayopungua inatoka wapi

Swali: "Benki inanipa mpango wa kulipa nusu ya rejesho la mkopo wa nyumba kila wiki mbili badala ya rejesho zima kila mwezi. Wanasema nitamaliza karibu miaka mitatu mapema. Mbona naona hela ni ile ile? Nikubali?"

Ndugu, hela si ile ile, na hapo ndipo siri yote ilipo. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo utalipa nusu 26, yaani marejesho 13 kamili. Anayelipa kwa mwezi analipa 12. Hilo la kumi na tatu linatoka mfukoni mwako, hujapewa na mtu. Mimi nimeupitia mpango huu na ulinikwaza mwaka wa kwanza, kwa hiyo nitakueleza nilichojifunza kwa namba za mkopo wangu, nikizizungusha kidogo ili zifuatike.

Chukua mkopo wa milioni 10, riba asilimia 12 kwa mwaka, muda miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama 120,017. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 100,000, kwa hiyo deni la msingi linapungua kwa 20,017 tu. Ukilipa mwaka mzima bila kukosa, utakuwa umetoa zaidi ya milioni 1.4, lakini deni la msingi litakuwa limeshuka kwa takriban 254,000. Sasa weka rejesho moja la ziada, 120,017, liingie lote kwenye deni la msingi. Hilo moja linakaribia nusu ya kazi iliyofanywa na marejesho 12 yaliyotangulia. Ndiyo maana lina nguvu: riba ya mwezi umeshailipa, kwa hiyo halina cha kukatwa.

Ukianza hivyo tangu siku ya kwanza, na benki ikahesabu kila nusu siku inapoingia, mkopo huu unaisha kwenye mwezi wa 146 hivi badala ya 180. Kwa hiyo waliokuambia karibu miaka mitatu hawakudanganya, ila inategemea kiwango cha riba na urefu wa mkopo wako. Riba ikiwa ndogo, miezi unayookoa inapungua.

Kilichonikwaza mimi ni kwamba benki haikuwa ikihesabu nusu zangu siku zilipoingia. Nusu ya kwanza ilikaa kwenye akaunti ya kusubiria, haifanyi chochote, mpaka nusu ya pili ifike. Zikikamilika wanaziingiza kama rejesho la kawaida la mwezi. Hilo peke yake lisingeniumiza sana. Tatizo lilikuja kwenye rejesho la kumi na tatu: walilipokea kama rejesho la mwezi unaofuata lililolipwa mapema. Katika hesabu yao, 97,461 ikaenda kwenye riba na 22,556 tu kwenye deni la msingi. Mimi nilidhani 120,017 yote imepunguza deni.

Niligundua kwa kusoma stetimenti mstari kwa mstari. Dalili zilikuwa mbili. Ya kwanza, tarehe ya rejesho lijalo ilikuwa imeruka mwezi mzima mbele. Ya pili, salio la deni la msingi halikushuka kwa kiasi nilichotoa. Ukiona tarehe imesogea, ujue fedha yako imegeuzwa malipo ya mapema. Deni lenyewe halijaguswa inavyotakiwa. Nikaandika barua nikieleza kwamba kila kinachozidi rejesho la mwezi kiingie kwenye deni la msingi, nikaomba waandike nakala kuthibitisha. Walirekebisha kuanzia tarehe ya barua. Ya nyuma hawakuyagusa, na iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimejibana kweli kulipata lile rejesho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulichanganya. "Kila wiki mbili" si sawa na "mara mbili kwa mwezi". Ukilipa nusu tarehe 1 na nusu tarehe 15, mwaka unakuwa na nusu 24, yaani marejesho 12 yale yale. Nimelipigia hesabu kwa mkopo huu: hata benki ikiihesabu kila nusu papo hapo, unaokoa kama nusu mwezi tu katika miaka 15. Soma karatasi utakayopewa, utafute idadi ya malipo kwa mwaka. Kama si 26, huo si mpango unaoufikiria.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho kwamba karibu faida yote inatoka kwenye rejesho la ziada. Kugawanya kwa wiki mbili kunaongeza kidogo sana. Nikajiuliza: kwa nini nisiligawe rejesho hilo kwa 12 na kuliongeza kila mwezi? 120,017 kugawa kwa 12 ni kama 10,000. Ukilipa 130,018 kila mwezi, ziada ikienda kwenye deni la msingi, unamaliza mwezi wa 148, na riba inayopungua ni kama milioni 2.4. Hata ukiamua kulitoa kwa mkupuo mmoja kila mwisho wa mwaka, unamaliza mwezi wa 150. Tofauti kati ya njia hizi ni miezi michache tu, na hizi mbili hazihitaji mpango wowote wa benki.

Hapo ndipo ada inapoingia. Mpango wangu ulikuwa na ada ya kujiunga na makato kila fedha inapohamishwa. Tuseme makato ni 500: mara 26 ni 13,000 kwa mwaka, zaidi ya sehemu ya kumi ya lile rejesho la ziada. Nilijitoa, nikaweka agizo la kudumu la kiasi kikubwa zaidi kila mwezi. Sijajuta.

Pamoja na hayo, kama mshahara wako unaingia kila wiki mbili, mpango unaweza kukufaa kwa sababu unafuata mshahara. Kuna miezi miwili kwa mwaka yenye mishahara mitatu, na ziada inatoka humo bila kubana miezi mingine. Lakini anayelipwa kwa mwezi atatoa marejesho 13 kutoka mishahara 12, na lazima ajue mapema atabana wapi. Angalia pia mwanzo wake: tarehe ya rejesho ikifika ukiwa na nusu tu kwenye akaunti, wengine wanakuhesabu umechelewa na kukupiga faini. Anza na nusu ya kwanza wiki mbili kabla ya tarehe hiyo, ili siku yenyewe zote mbili ziwe zimeshafika.

Kabla hujasaini, soma mkataba wa mkopo kwa mambo mawili. Kama riba ilipigwa mara moja juu ya mkopo wote wa mwanzo, bila kufuata salio linalopungua, kulipa zaidi hakutakupunguzia riba mpaka mkataba wenyewe useme utasamehewa ukimaliza mapema. Na kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda, ilinganishe na riba utakayookoa.

Kisha waulize benki kwa maandishi: nusu ya kwanza inaingia kwenye mkopo siku gani, ziada inaenda wapi, na makato ni kiasi gani kwa mwaka. Wakikujibu kwamba nusu inasubiri mwenzake na kuna makato, kataa mpango, ongeza sehemu ya kumi na mbili ya rejesho lako kila mwezi ukiandika kwamba ni ya deni la msingi, halafu mwezi unaofuata fungua stetimenti uone kama salio limeshuka kwa kiasi hicho juu ya kushuka kwake kwa kawaida.