Kiwango cha makubaliano kiandikwe kabla ya raundi ya kwanza

Ukitaka kuandaa matamko ya umahiri wa wauguzi kwa njia ya Delfi, yaani kuliuliza jopo la wataalamu kwa raundi kadhaa za dodoso ili kuona wanakubaliana wapi, amua kiwango cha makubaliano kabla hujatuma dodoso la kwanza. Wengi huchukua asilimia 75 au 80 ya wanajopo waliotoa alama 4 au 5, kwenye mizani ya 1 hadi 5. Namba yenyewe hainisumbui sana. Kazi huharibika pale inapochaguliwa baada ya majibu kuonekana, maana tamko unalolipenda likipata asilimia 72, ghafla 70 itatosha.

Raundi ya kwanza huwa ni swali la wazi: muuguzi wa kitengo hiki lazima aweze kufanya nini? Majibu yanageuzwa matamko, na raundi ya pili wanajopo wanayapa alama na kuandika sababu. Raundi ya tatu kila mmoja anarudishiwa alama yake pamoja na alama na sababu za wenzake, bila majina. Usilegeze hapo kwenye majina. Mkunga wa zahanati hatampinga matroni wake mbele ya watu, lakini kwenye dodoso atasema anachokijua.

Sasa chukua tamko hili: “Mkunga anatambua kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na kuanzisha oksitosini bila kusubiri daktari.” Tuseme kati ya wanajopo 20, asilimia 60 tu wamelipatia alama 4 au 5. Usilifute upesi, lina mambo mawili ndani yake. Ukiyatenganisha, kutambua kunaweza kupata 19 kati ya 20. Kuanzisha dawa, 12 wanatoa alama 5 na 8 wanatoa 2. Wastani ni 3.8, na ukiutazama peke yake utadhani watu wamekaribia kukubaliana, kumbe hakuna hata mmoja aliyetoa 3 au 4. Soma sababu zao: mara nyingi kambi moja inatoka vituo vya afya ambako usiku hakuna daktari, nyingine hospitali za rufaa ambako yupo zamu. Taja mazingira ndani ya tamko, kisha lirudishe kwa jopo. Likibadilika maneno ni tamko jipya, alama za zamani hazilihusu tena. Wakigawanyika tena, ripoti mgawanyiko huo ulivyo.

Jambo la mwisho ni wanaoacha njiani. 12 wakikubali kati ya 15 waliobaki, hiyo ni asilimia 80. Kati ya 20 walioanza ni 60. Mimi hulinganisha alama za raundi ya pili za walioondoka na za waliobaki. Walioondoka wakiwa ndio waliokuwa wakipinga, makubaliano hayo yametokana na kuondoka kwao, na ripoti iseme hivyo, ikitaja idadi ya waliojibu kila raundi.