Usikimbilie Block, badili paswedi kwanza

"Wakuu, natumia Redmi. Hotspoti inaonyesha vifaa 3 wakati nimeunganisha laptopu yangu na simu ya wife tu. Huyo wa tatu nimjueje na nimtoeje? Fundi kaniambia nimpige Block."

Mkuu, achana na hiyo Block! Mafundi wanaoitaja kana kwamba ni kufuli wamenilia bando, na sasa wanakuja kwako.

Block haimzuii mtu, inazuia anwani ya MAC, yaani ile namba ndefu ya kifaa. Tangu Android 10, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila mtandao. Uliyemzuia anaingia kwenye waifai ya simu yake, sehemu ya Privacy, anatoka `Use randomized MAC` kwenda `Use device MAC`, na anarudi kama mgeni mpya kwa sababu paswedi bado anayo. Aifoni nayo ina `Private Wi-Fi Address`, mchezo ni uleule. Wewe unaona Blocklist imejaa, unalala, asubuhi bando hakuna.

Ndiyo maana MAC haitakuambia ni nani. Tuseme orodha inaonyesha `5e:41:b7:0c:92:d8`. Tazama herufi ya pili: ikiwa 2, 6, a au e, hiyo ni ya bandia, na hapa ni e. Hivyo usihukumu kabla ya kufungua simu ya shemeji kwenye maelezo ya waifai na kulinganisha na MAC inayoonekana pale, maana huenda huyo "mgeni" ni yeye.

Fungua `Settings`, `Portable hotspot`, `Connected devices`, upige picha ya skrini wakati wote watatu wapo, kwa kuwa akikata tu anapotea kwenye orodha. Kisha ingia `Set up portable hotspot`, andika paswedi mpya, uhifadhi. Mwisho wa chini ni herufi 8, wewe weka 12 na zaidi, na isiwe namba yako ya simu. Zima hotspoti, iwashe tena. Kubadili jina la hotspoti pekee hakutoshi, jina jipya analiona hewani na paswedi ni ileile.

Sasa unganisha laptopu, hesabu: 1. Unganisha simu ya shemeji, hesabu: 2. Akitokea wa tatu baada ya hapo, paswedi inavuja kutoka ndani. Simu ya Android iliyokwisha kuunganishwa hutoa kodi ya QR kwa kubonyeza Share, na baadhi huandika paswedi yenyewe chini yake. Mtoto wa jirani akiazimwa simu dakika moja, anaipiga picha. Kwa hiyo simu inayoazimwa isikae na paswedi hiyo, iwashie hotspoti yako inapohitaji, kisha ubadili tena paswedi.