Barua niliyomwandikia dizaina kuhusu picha za maboksi ya sabuni

Maboksi mapya ya sabuni zangu yamefika wiki iliyopita, na tangu niyapange kwenye rafu kila anayeingia dukani ananiuliza nani kanitengenezea. Msomaji mmoja ameona picha za maboksi hayo akaniandikia kuomba namba ya dizaina. Nimempa. Ila nimemwambia pia kwamba namba peke yake haitamsaidia, kwa sababu kazi hii ilianza na barua, na ile barua niliiandika mimi.

Kabla ya huyu nilikuwa na dizaina mwingine. Alinitumia picha iliyopendeza mno kwenye simu: sabuni ya kijani laini, povu jeupe, matone ya maji yanang'aa. Hakuniuliza hata mara moja boksi litakuwa la karatasi gani. Lilikuwa la kaki. Mzigo ulipotoka kwa mchapaji, kijani kilikuwa rangi ya matope na povu lilikuwa kahawia. Nilipompigia akanijibu kwamba kwenye kompyuta yake inaonekana sawa. Jibu hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu fedha iliyopotea haikuwa yake.

Anayefanya biashara ya kufungasha bidhaa ni lazima aelewe jambo hili. Wino wa kawaida wa uchapaji unapitisha mwanga, na sehemu nyeupe za picha huwa hazipigwi wino kabisa. Weupe unaouona ni wa karatasi yenyewe. Ukichapa picha hiyo kwenye kaki, kila penye nyeupe panakuwa kahawia, na kila rangi hafifu inachanganyika na ukahawia huo. Dawa yake ni kutanguliza wino mweupe chini ya picha, lakini si kila mchapaji anao, na mwenye nao hukutoza kwa hatua hiyo ya ziada. Wangu hana. Kwa hiyo barua yangu haikuanza na ninachokipenda, ilianza na karatasi:

"Habari za kazi, ndugu. Boksi ni la kaki, upande wa mbele una upana wa milimita 90 na kimo cha milimita 60. Mchapaji hana wino mweupe. Kwa hiyo kwenye kaki yenyewe naomba michoro ya mistari tu, ya wino mweusi, isiyo na vivuli. Mstari usiwe mwembamba kuliko milimita 0.25, na usiweke maandishi madogo ya rangi ya kaki ndani ya eneo jeusi, maana kaki hunywa wino, wino unatambaa na herufi zinazibika. Picha ya sabuni itakaa kwenye stika nyeupe ya milimita 70 kwa 50, itakayobandikwa mbele."

Unaona hapo sijasema "kitu cha kuvutia" wala "kitu cha kisasa". Maneno hayo kila mtu anayaelewa kivyake. Ukimwambia dizaina unataka cha kisasa atakupa cha kisasa chake, kisha mtaanza kulaumiana.

Sehemu ya pili ilikuwa picha zenyewe, na hapa nilikaa muda mrefu. Nina sabuni za aina tatu: mchaichai, lavenda na mkaa. Zikipangwa pamoja ni lazima zionekane ni ndugu, na wakati huohuo mteja asichukue moja akidhani ni nyingine. Niliandika hivi:

"Picha zote tatu zipigwe kamera ikiwa kimo kilekile, mwanga utoke kushoto, kivuli kianguke kulia. Kipande kionekane kizima, na ukingo wake wa kukatwa kwa mkono usisafishwe kwenye kompyuta, kwa sababu mteja akifungua boksi ndicho atakachokikuta. Sabuni ya mkaa ni nyeusi: usiipige kwa mwanga wa mbele, itakuwa kama shimo. Iweke kwenye kijivu hafifu, mwanga wa pembeni uchore ukingo wake. Kwenye mchaichai weka jani la mchaichai, maana mafuta yake yamo. Usiweke limau, halimo. Tofauti ya aina isitegemee rangi peke yake; zambarau iliyokolea na nyeusi hukaribiana sana kwenye mwanga hafifu. Kila aina iwe na mchoro wake, na jina liwe kubwa juu ya stika."

Hilo la limau lilinipa ubishi kidogo, dizaina aliona linachangamsha picha. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Picha ya kwenye boksi ni ahadi. Anayechora tunda lisilokuwemo anamdanganya mteja hata kama maandishi ya nyuma yanasema kweli, na mteja akijua hatarudi.

Vipimo vya faili sikuvirefusha. Stika inahitaji nyongeza ya milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki ukingo mweupe. Kwa hiyo 70 kwa 50 inakuwa 76 kwa 56. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, yenye milimita 25.4, picha inatakiwa iwe na walau pikseli 900 kwa 670. Maandishi nayo yakae milimita 3 ndani ya mstari wa kukata. Nikamwomba pia picha zisinijie kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu zinabanwa na kupoteza ubora; azitume kama faili. Na msimbo pau uwe mweusi, usiwe mwekundu, kwani skana nyingi hutumia mwanga mwekundu na mistari myekundu haziioni.

Dizaina huyu alinirudishia swali moja tu: stika iwe ya kung'aa au isiyong'aa? Swali hilo lilinifanya nimheshimu. Stika ya kung'aa ingeakisi taa za dukani juu ya ile sabuni nyeusi, na ukingo tulioutafuta kwa mwanga wa pembeni usingeonekana. Tukachagua isiyong'aa.

Jambo la mwisho kwenye barua lilikuwa namna ya kukubali kazi. Niliandika kwamba rangi hatutakubaliana kwenye skrini, ya kwake wala ya kwangu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine huitengeneza kwa wino, na kijani kikali cha skrini mara nyingi wino haukifikii. Kwanza alichapa stika kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, nikaibandika kwenye boksi, nikaliweka rafuni na kusimama hatua chache. Jina la lavenda halikusomeka, likaongezwa ukubwa. Halafu mchapaji akatoa sampuli kwenye karatasi yenyewe ya stika. Niliitazama dirishani mchana, sabuni ikiwa pembeni yake, nikasaini nakala mbili: moja ikabaki kwa mchapaji, moja nikaondoka nayo.

Omba sampuli. Hata ukiambiwa inachelewesha, omba, na usaini. Stika za lavenda zilipotoka mara ya kwanza zilikuwa zimeegemea wekundu, na mchapaji akaanza kuniambia zambarau ndivyo ilivyo. Nilitoa nakala yangu nikaiweka juu ya meza yake, karibu na stika mpya. Alizichapa upya bila kunidai nyongeza.