Nyumba kwa sharti la kutoolewa

"Baba ameniachia nyumba Nairobi, lakini wosia unasema nikiolewa tu inakwenda kwa kaka. Mahakama italikubali sharti hili?"

Pole kwa msiba, dada. Soma tena maneno yenyewe ya wosia kabla ya jambo lolote. Mahakama za Kenya huongozwa pia na misingi ya sheria iliyotoka Uingereza, na huko sharti la kumzuia mtu asioe au asiolewe kabisa huhesabika batili. Basi kama wosia unasema "nyumba ni yake, ila akiolewa anyang'anywe", kwa kawaida sharti hufutwa na nyumba inabaki yako, hata kama kaka ametajwa baada yako.

Lakini kama umeandikwa "akae humo mpaka atakapoolewa", hali hubadilika. Hapo baba hakukupa nyumba yote kisha akakutishia kukunyang'anya. Alikupa makazi ya muda wa useja tu, na muda ukiisha, haki nayo imeisha. Mahakama hutazama pia nia: je, alitaka kukuzuia, au kukuhifadhi ungali huna mwenzi? Mwaka 1876, katika kesi ya Jones dhidi ya Jones, mahakama ya Uingereza ilikubali sharti la kutoolewa kwa sababu iliona lengo lilikuwa kutunza, si kuzuia ndoa.

Ukiona umebaki bila chochote, kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu mtoto, hata aliyeolewa, kuomba fungu la kutosha. Ombi hilo lipelekwe kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa.